Vibarua vya kujazia mtaji: linda mgongo, mikono na kifua kabla hela haijaishia dawani

Somo la leo si la kupiga picha bidhaa wala kumjibu mteja anayeomba punguzo. Ni la mwili. Wengi wetu hapa tunauza mtandaoni, lakini biashara ikilala tunaingia kwenye vibarua vya nguvu ili mtaji usiishe. Mimi niliingia, na nusura mtaji wenyewe uishie kwenye dawa. Soma hadi mwisho, maana nimeweka na vipimo.

Mimi nipo Ujiji. Nauza dagaa wa Kigoma na mawese kwa stetasi ya wasapu, natuma mikoani. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Dagaa wapya hawakuwepo. Waliokuwepo ni wale wa akiba kwenye maghala, na bei yake haikuwa ya mtu mwenye mtaji kama wangu. Nikasema nisikae bure. Katika ile miezi mitatu nilifanya vibarua vitatu: kupakia madumu ya mawese kwenye fuso, kusafisha vyoo na vyumba vya gesti, na kuchekecha dagaa wa akiba ghalani. Cha kwanza kiliniumiza mgongo, cha pili mikono na kidogo kinikate pumzi, cha tatu kifua. Nitavichukua kimoja kimoja.

1. MGONGO: tatizo si kilo tu, ni umbali wa mzigo na mwili wako

Dumu la mawese la lita 20 lina kama kilo 19 ukijumlisha na dumu lenyewe, maana mawese ni mepesi kidogo kuliko maji. Nilipoambiwa nitalipwa kwa idadi ya madumu nikafurahi. Kilo 19 ni nini, mtoto wa Ujiji nimekua nabeba ndoo! Siku ya tatu, alfajiri, niliinama kuchukua dumu lililokuwa ndani kabisa, nyuma ya mengine, nikalivuta kwa mikono iliyonyooka, halafu nikageuka kumpa mwenzangu aliye juu ya gari. Nikasikia kama kitu kimekatika kiunoni. Nilishuka chini pale pale. Siku tatu za kupakia zilinipa shilingi 36,000. Baada ya hapo nilikaa siku tisa bila kufanya kazi yoyote, na hela ile ilikwisha kabla sijapona.

Mzee mmoja aliyezeekea kwenye kupakia magari alikuja kunijulia hali. Akaniambia, "Binti yangu, hukuumizwa na dumu. Umeumizwa na mkono wako kuwa mrefu."

Fikiria mizani ya kubembea. Uti wa mgongo ndio nguzo ya katikati. Misuli inayokuzuia usianguke mbele iko nyuma ya ile nguzo, kama sentimita 5 tu. Dumu ukilishika mbali, tuseme sentimita 40 mbele ya uti, liko mbali mara 8 kuliko misuli. Kwa hiyo misuli inavuta mara 8 ya uzito wa dumu: kilo 19 zinakuwa kama kilo 150. Ukilivuta dumu hilo hilo hadi liguse tumbo, umbali unashuka hadi kama sentimita 20, na mvuto unashuka hadi kama kilo 75. Dumu ni lile lile, lakini umepunguza nusu. Mvuto wote huo unaangukia vile vimito laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Ukiinama na kujipinda wakati mmoja, kama nilivyofanya mimi, kimito kinabanwa upande mmoja na kinaweza kupasuka au kutokeza na kugusa mshipa wa fahamu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: vuta mzigo uje kwako kwanza, ndipo unyanyue. Dumu la nyuma liburuze chini hadi likae kati ya miguu yako. Piga magoti kidogo, likumbatie karibu na tumbo, nyanyuka. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Kiuno kisizunguke peke yake.

Sheria ya pili: usianze mzigo mzito saa ile ile umetoka kitandani. Usiku ule vimito vya mgongo vinanyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi kiuno kinakuwa kigumu. Ukiinama sana katika saa ya kwanza, vinabanwa zaidi kuliko mchana. Sisi watumaji wa mizigo tunaamka usiku kuwahi basi, kwa hiyo hili linatuhusu moja kwa moja. Mimi siku hizi mzigo naufunga na kuuweka juu ya meza jana yake jioni. Alfajiri natoa mezani kwenda kwenye bodaboda, siinami.

Kuhusu kilo zenyewe: wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, katika hesabu yao wanaanza na kilo 23, tena kwa mzigo ulio karibu na mwili, urefu wa kiuno, bila kujipinda. Kila hali ikiharibika, kilo zinapungua. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na wanawake wapungue sana hapo. Sasa angalia gunia la lumbesa, halafu ujiangalie wewe.

Na ile mikanda mipana ya kiunoni inayouzwa kwa ajili ya wabebaji, usiitegemee. Tafiti hazijaonyesha kwamba inamzuia mtu mzima kuumia. Inachofanya ni kukupa moyo wa kubeba zaidi.

Ukishaumia, usilale wiki nzima. Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea taratibu ndani ya nyumba, mgongo unapona kwa kutembea. Lakini ukiona maumivu yanashuka hadi chini ya goti na mguu unakosa nguvu, nenda ukapimwe. Na ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho, na usikandwe kwanza.

2. MIKONO: kibarua cha gesti na kosa la kuchanganya

Kiuno kilipotulia nikapata kibarua cha usafi kwenye gesti moja. Nikaona hiki ni chepesi. Nilipewa jiki kwenye dumu, na dawa ya choo kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi yoyote. Glavu hakuna. Siku ya nne choo kimoja kilikuwa na madoa sugu. Nikamwaga ile dawa ya choo, madoa hayakutoka, nikaongeza jiki juu yake. Chumba hakina dirisha.

Kwanza ilinuka kama maji ya bomba yaliyotiwa dawa nyingi, halafu macho yakawaka, koo likabana, nikakohoa hadi nikatoka nje nikishika ukuta. Ile dawa ya choo ilikuwa na asidi. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma njia ya hewa. Jiki pia haitaki kukutana na dawa yenye amonia, wala choo kilichojaa mkojo wa muda mrefu, kwa sababu inatoa gesi nyingine inayochoma vilevile.

Ikikutokea, toka nje upate hewa, acha kila kitu humo ndani. Usirudi kumwagia maji. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Na hili watu hawalijui: unaweza kutoka, ukajisikia nafuu, halafu baada ya saa kadhaa pumzi ikaanza kubana upya, maana mapafu yanavimba taratibu. Usilale peke yako siku hiyo, na pumzi ikibana nenda hospitali hata kama ni usiku.

Baada ya pale nilijiwekea utaratibu, na hadi leo nafanya hivyo hata nyumbani. Sabuni kwanza, nasugua, nasuuza kwa maji mengi. Jiki inakuja mwisho, peke yake, na mlango wazi. Choo kikihitaji dawa yenye asidi, siku hiyo jiki haiingii. Chupa isiyo na jina siitumii. Mwenye kazi akisema ni dawa ya choo, naomba nione chupa yake ya asili.

Kipimo nacho. Jiki nyingi zimeandikwa asilimia 3.5, lakini soma ya kwako. Kwa kusafisha sakafu na vyoo vilivyokwisha kuoshwa, chupa moja ya soda ya mililita 300 inatosha ndoo ya lita 10 ya maji ya baridi. Iache ikae dakika 10 ndipo usuuze. Mimi nilikuwa namwaga kwa macho, pengine mara nne ya hapo. Haisafishi zaidi, inachoma zaidi. Na maji ya moto yanaipunguza nguvu na kutoa mvuke unaokusumbua, kwa hiyo baridi tu.

Sasa mikono yenyewe. Dalili ya kwanza haikuwa kidonda. Ilikuwa ukavu katikati ya vidole, halafu muwasho usiku, halafu nyufa ndogo kwenye vifundo. Jiki na sabuni vinaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ngozi bila mafuta inapasuka. Ukishika dagaa wa chumvi na nyufa zile, utajua hujui! Mimi ilibidi nimlipe jirani anipakilie oda mbili.

Nunua glavu za mpira za usafi, zile nene. Kabla ya kuvaa, zijaze upepo, zikunje mdomo, zibonyeze: ikitoa hewa, ina tundu. Glavu yenye tundu ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu dawa inaingia na kukaa humo imegandana na ngozi. Zikunje ncha ya juu kwa nje ili maji yasishuke mkononi. Mikono ikitoa jasho ndani, vua, kausha, vaa tena. Ukimaliza kazi, osha mikono kwa maji ya kawaida, ifute hadi katikati ya vidole, paka mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato. Nyufa zikianza, mafuta hayo paka na usiku kabla ya kulala.

3. KIFUA: vumbi la dagaa si vumbi la kawaida

Kibarua cha tatu ndicho nilichokipenda, maana kilikuwa kazi yangu. Ghalani kuna magunia ya dagaa wa akiba. Unamwaga kwenye chekecheo, unatoa mchanga, vichwa vilivyovunjika na unga, unafunga upya. Tulikuwa wanawake sita kwenye chumba kimoja, mlango mmoja. Kila mmoja amejifunga mtandio puani.

Wiki ya pili nikaanza kukohoa jioni. Wiki ya tatu nikawa naamka saa nane usiku kifua kinapiga filimbi. Nikadhani ni baridi ya Julai. Kilichonishtua ni kwamba Jumapili, siku ambayo hatufanyi kazi, nilikuwa nalala vizuri. Jumatatu jioni kikarudi.

Hiyo ndiyo dalili ya kuikumbuka kuliko zote. Kikohozi kinachopungua siku za mapumziko na kurudi siku za kazi kinakuambia kwamba chanzo kiko kazini. Vumbi la dagaa lina protini ya samaki, na mwili wa mtu anaweza kuikataa taratibu hadi apate pumu ambayo hakuzaliwa nayo. Ukiendelea miezi na miaka, pumu hiyo inaweza kubaki hata ukiacha kazi. Ndiyo maana wiki ya tatu ni ya kushtuka.

Pia dagaa walioanikwa chini wanabeba mchanga. Ule unaouona na kuusikia menoni hauendi mbali, unaishia puani. Unaoingia ndani ya mapafu ni ule mwembamba usioonekana, na ukivutwa miaka mingi unaacha makovu yasiyopona na kumrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Kwa hiyo kikohozi kikifika wiki mbili, chochote unachodhani ndicho chanzo, kapime kifua kikuu. Kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Mimi nilipima, sikuwa nacho. Nikaelezwa nina dalili za pumu, nikapewa dawa ya kuvuta.

Mtandio haukunisaidia, na nilijua siku nilipoupangusa uso: pua ndani nyeusi, na mistari ya vumbi pembeni mwa mdomo. Kitambaa na barakoa ya kawaida ya hospitali vinazuia chembe kubwa, lakini hewa inapita pembeni. Inayozuia vumbi jembamba ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2. N95 halisi ina mikanda miwili ya kichwani, mmoja juu na mmoja chini, na kibati cha kubana pua. Ivae, puliza kwa nguvu. Ukisikia upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Mwanaume mwenye ndevu haimkai vizuri. Ikiwa ngumu kuvutia pumzi au imelowa, tupa.

Lakini barakoa ni ya mwisho. Kwanza punguza vumbi lenyewe. Sisi tulimwomba mwenye ghala mambo matatu, akakubali kwa sababu hayana gharama. Tulihamishia chekecheo nje, chini ya mti, tukakaa upepo ukipita kutoka ubavuni. Ukikaa upepo unakupiga usoni vumbi linakurudia, na ukiupa mgongo, hewa inazunguka mbele yako na kubaki na vumbi. Tukaacha kumwaga gunia kutoka begani. Tunalilaza na kuchota kwa bakuli, karibu na chekecheo, maana kadiri dagaa wanavyoanguka kutoka juu ndivyo vumbi linavyopanda. Na jioni tunanyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, magunia yakiwa juu ya mbao yasilowe. Siku mbili tu baadaye hata wale waliokuwa wananicheka walikubali.

Nguo za kazi navua kabla sijambeba mtoto. Vumbi linasafiri na khanga.

4. JINSI NINAVYOFANYA SASA: oda moja hatua kwa hatua

Ziwa lilipofunguliwa nikapata oda ya Dodoma: dagaa kilo 60 na mawese lita 40. Zamani ningefunga gunia moja la kilo 60, tukalivuta mimi na kijana wa bodaboda, na madumu mawili ya lita 20.

Safari hii nilianza kwenye kununua. Nilichukua dagaa walioanikwa kwenye vichanja, si waliolazwa mchangani. Bei iko juu kidogo, lakini mchanga ni kidogo mno, kwa hiyo kuchekecha kukachukua muda mfupi na vumbi halikuwa la kutisha. Na mteja naye hakulalamika kutafuna mchanga. Niliwachekecha nje, nimevaa N95.

Dagaa nikawafunga mifuko mitatu ya kilo 20. Mawese nikaweka kwenye madumu manne ya lita 10, kila moja kama kilo 9 na kitu. Napeleka mawili mawili, moja kila mkono, mwili unakaa sawa. Dumu moja la lita 20 kwa mkono mmoja linakupinda ubavu njia nzima. Vyote nikaviweka mezani jioni.

Kuna gharama, sitawaficha. Wakala wa basi alitaka kutoza kwa kifurushi, na mimi nimetoka vifurushi vitatu hadi saba. Nilimwomba apime kilo. Kwa dagaa alikubali, kwa madumu akakataa, nikaongeza shilingi 4,000. Siku hizi usafiri naupigia hesabu mapema na namtajia mteja kabla hajalipa. Linganisha hiyo elfu nne na siku tisa nilizolala chali nikihesabu mabati.

Kama bado unabeba kwa vibarua na huna uamuzi wa ukubwa wa mzigo, basi omba mtu wa pili kwa kila kinachozidi nguvu zako, hesabuni kwa sauti, nyanyueni pamoja. Ukibeba kichwani weka ngata, twishwa na mtu na utuliwe na mtu, kwa sababu shingo inaumia zaidi wakati wa kupandisha na kushusha kuliko kutembea.

Mimi kifua bado kinanikumbusha nikikaa kwenye vumbi kubwa, na ile dawa ya kuvuta inakaa mkobani. Mikono imepona. Mgongo unaniruhusu, ila alfajiri namheshimu.

Wewe unayetuma mzigo leo: gunia lako moja lina kilo ngapi, na nani anayelinyanyua? Tuandikie hapo chini, tusaidiane kuligawa.